YAH: MAKATO YASIYOLINGANA NA ASILIMIA, APRILI NA MEI 2025

Mombasa, 3 Juni 2025

Kwa Mhasibu wa Mishahara,

Salaam. Naomba makato yangu yasahihishwe. Mshahara wangu ghafi ni shilingi 48,000, na ndio ulioandikwa kwenye hati zote mbili. Lakini:

SHIF, 2.75%: 48,000 × 0.0275 = 1,320. Nimekatwa 1,485.
Ushuru wa nyumba, 1.5%: 48,000 × 0.015 = 720. Nimekatwa 810.

Zilizozidi ni 165 + 90 = 255 kwa mwezi, yaani 510 kwa miezi miwili.

Nadhani najua zilikotoka. 1,485 ÷ 0.0275 = 54,000, na 810 ÷ 0.015 ni 54,000 vilevile. Hizo ndizo pesa zangu za Machi, nilipofanya ovataimu ya 6,000. Aprili na Mei sikufanya hata saa moja, karatasi za mahudhurio zipo kwa msimamizi wa ghala.

Naomba 510 zirudishwe kwenye mshahara wa Juni. PAYE nayo ipigwe upya, kwa kuwa makato haya mawili huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Na kama michango yenu kwa ushuru wa nyumba ilifuata 54,000, nanyi mmelipa zaidi.

Nimeambatisha hati za Machi hadi Mei.

Wako mtiifu,
Mwanaisha
Karani wa ghala, namba ya kazi 0417