Maombi ya kupunguziwa adhabu, Mahakama ya Wilaya ya Kigoma

Mheshimiwa Hakimu,

Nasimama kwa niaba ya mshitakiwa, mama wa miaka 34, aliyetiwa hatiani kwa wizi wa mtumishi chini ya kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Alikiri siku ile ile aliposomewa shitaka. Hakuna shahidi aliyesumbuliwa. Wakili wa Serikali amekwisha sema hana kumbukumbu ya kosa lake la nyuma.

Kosa ni zito, wala silipunguzi. Mwajiri alimwachia dagaa walioanikwa mwaloni Kibirizi, naye akachukua kilo 12 za shilingi 180,000 akaziuza. Amekwisha rudisha shilingi 100,000, fedha za kufulia watu nguo. Hati ya mapokezi yenye sahihi ya mwajiri iko mbele yako.

Mheshimiwa, ana watoto watatu. Baba yao alifariki, na taarifa ya Ofisa Ustawi wa Jamii inathibitisha kuwa hakuna ndugu aliye tayari kuwachukua. Wa kati, mwenye miaka 6, ana selimundu. Mtoto huyo hunywa vidonge vyake kila siku, hulazimishwa kunywa maji ya kutosha, na homa au maumivu yakianza ni kumkimbiza Hospitali ya Maweni bila kungoja kukuche. Anayezijua dalili hizo ni mama yake. Mshitakiwa alipokuwa mahabusu kabla ya dhamana, kazi hiyo ilimwangukia dada mtu, binti wa darasa la tano. Aliacha shule, akawa anaamka usiku kumgusa mdogo wake paji la uso. Kidaftari chake cha saa za dawa kimeambatanishwa na taarifa hiyo. Naomba ukisome.

Sisemi kuwa na watoto ni ruhusa ya kuiba. Nasema mlango wa gereza ukifungwa leo, adhabu kubwa itamwangukia mtoto ambaye hakushitakiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4(2), inataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza katika maamuzi yanayomhusu, na uamuzi huu unamhusu moja kwa moja.

Naomba aachiliwe kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, na aamriwe kulipa shilingi 80,000 zilizobaki. Mahakama ikiona hilo halitoshi, basi atumikie adhabu chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii, Sura ya 291, kwa saa zitakazomwezesha kurudi nyumbani jioni.

Na ikikupendeza kumfunga, kwa unyenyekevu naomba kifungo kiwe kifupi, na Ofisa Ustawi wa Jamii aamriwe kuwapokea watoto leo hii, kabla mama yao hajaondolewa mahakamani.

Naomba kuwasilisha.

Wakili wa Utetezi