Mwongozo wa Kujisomea: Mmeng'enyo, Upumuaji na Mzunguko wa Damu (Darasa la Saba, jaribio la Ijumaa)

Chora michoro hii mitatu bila kufungua daftari. Utakapokwama, hapo ndipo pa kusoma.

Mchoro wa 1: Njia ya chakula
Chora mrija mmoja kuanzia mdomoni: umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, mkundu. Pembeni weka ini na kongosho. Kila mwaka kuna anayechora mshale wa chakula ukiingia kwenye ini. Chakula hakipiti humo! Ini hutengeneza nyongo na kongosho hutoa vimeng'enya. Vyote humwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Huu ni mwembamba kwa upana tu: una urefu wa karibu mita 6, na ule mpana mita 1.5 hivi.

Mchoro wa 2: Njia ya hewa
Mti uliopinduliwa. Shina ni trakea, matawi mawili ni bronki, na ncha za vitawi ni viriba vya hewa, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Chini yake piga mstari uliobinuka juu: kiwambo. Ukivuta pumzi kinashuka, mbavu zinapanda, kifua kinatanuka, hewa inaingia.

Mchoro wa 3: Moyo
Mraba wenye vyumba vinne: auriko mbili juu, ventriko mbili chini. Upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwako, kama mtu aliyekukabili. Ukuta wa ventriko ya kushoto uchore mnene, maana ndiyo inayosukuma damu mwili mzima. Ya kulia inafika mapafuni tu, hapo jirani.

Mifumo inapokutana
Hapa ndipo penye alama nyingi. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo. Mapafuni kuna viriba. Vyote vina eneo kubwa, ukuta mwembamba sana na kapilari tele. Tofauti ni mwelekeo. Utumboni chakula kilichomeng'enywa huingia kwenye damu. Mapafuni ni nipe nikupe: oksijeni inaingia, kabonidayoksaidi inatoka. Ndiyo maana hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunayotoa karibu 16. Damu ndiyo msafirishaji wa mizigo yote miwili, chakula na oksijeni, hadi kwenye seli, kama za misuli ya miguu yako ukikimbia mchakamchaka.

Jipime
*Kwa nini tonge haliingii kwenye trakea?* Kidakatonge hufunika mlango wa trakea tunapomeza. Ukicheka huku unakula, huenda kikachelewa, ukapaliwa.

*Je, kila ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi?* Hapana. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Hiyo ndiyo tofauti yao. Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo.