Kuh: Tafsiri ya mwongozo wa mwani – Septemba sitaweza, Novemba naweza

Tanga, Jumatatu 8 Septemba 2025

Bi Salma,

Asalaam aleikum. Natumai nyote ofisini ni wazima, na kwamba yule mtoto aliyekuwa na homa siku ile tulipozungumza sasa anacheza.

Mwongozo mlionitumia Ijumaa nimeusoma wote, kurasa zote 118, na jibu nalitanguliza ili lisikukalishe roho juu: kazi hii siwezi kuianza tarehe 15 Septemba, wala siwezi kuikabidhi tarehe 10 Oktoba. Ratiba yangu imejaa hadi mwisho wa Oktoba. Nimeandika kwa urefu kwa sababu kitabu chenyewe nimekipenda, na sitaki kataa yangu ikuache bila pa kwenda.

Mkononi nina kazi mbili. Ya kwanza ni mwongozo wa wakunga. Umebaki kurasa 140 na siku ya kuukabidhi ni hiyohiyo 10 Oktoba. Ya pili ni uhariri wa vitabu vya watoto, unaonichukua hadi tarehe 31. Zote nilizikubali tangu Julai na malipo ya awali nimeshapokea. Uliniambia kwenye simu kwamba mnaweza kuongeza asilimia 30 kwa ajili ya haraka. Nashukuru, najua fedha za mradi hazipatikani kirahisi, lakini nyongeza hiyo hainiongezei saa. Miaka minne iliyopita niliwahi kupokea kazi ya tatu juu ya mbili nilizokuwa nazo. Nilizikabidhi zote kwa wakati, na moja kati yake ilikwenda kuchapwa ikiwa na kipimo cha dawa ya mifugo kilichorukwa sifuri. Mteja aligundua kabla vitabu havijasambazwa, alhamdulillahi, lakini gharama ya kuchapa upya ilimwangukia yeye. Tangu hapo siku za kazi nazihesabu kabla ya kusema ndiyo.

Kwa hesabu hiyohiyo, hata ningekuwa sina kazi yoyote, muda mliouweka ni mfupi. Mwongozo una maneno 42,000. Kwa siku natafsiri maneno 2,000 nikiwa na akili timamu, maana yake siku 21. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 10 Oktoba kuna siku 20 za kazi. Hapo hatujampa mtu wa pili nafasi ya kusoma tafsiri akiilinganisha na matini ya Kiingereza, jambo ambalo kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinalitaka, na ambalo mimi ningelifanya hata kiwango hicho kisingekuwepo. Wala hatujawasomea wakulima wenyewe.

Na hapa pa wakulima naomba unisikilize kidogo zaidi.

Jana usiku, mwezi ulipopatwa, nilikuwa nimesimama uani na watoto tukiutazama unavyogeuka mwekundu. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua. Nikaanza kuhesabu kutoka hapo: mwezi mwandamo unaangukia 21 Septemba, mpevu mwingine 7 Oktoba, mwandamo mwingine 21 Oktoba. Mafunzo yenu mmeyaweka tarehe 20 hadi 24 Oktoba. Bi Salma, hizo ni siku za bamvua kubwa. Maji yatakauka hadi mbali, na kila mwenye shamba la mwani Paje, Jambiani na Bwejuu atakuwa ameinama baharini akifunga mbegu na kuvuna. Atakayeacha siku hizo tano anasubiri karibu wiki mbili bamvua lirudi, na mwani unavunwa kwa takriban wiki sita tu tangu kupandwa. Mtapata ukumbi na chai na vitafunio, na viti vitakuwa vitupu. Halafu tarehe 29 ni uchaguzi mkuu, na wiki ile mikutano ya namna nyingine ndiyo itakayokuwa na watu.

Sijui ratiba hii ilipangwa na nani wala simlaumu mtu. Aliye ofisini hatazami mwezi. Ila ukiwa unatafuta sababu ya kumwandikia mfadhili umwombe asogeze tarehe, hii ni sababu nzito kuliko kujaa kwa ratiba ya mfasiri.

Pendekezo langu la kwanza, basi, ni hili. Nianze Jumatatu 3 Novemba. Sura ninakukabidhi kila Ijumaa kadiri zinavyokamilika, na msomaji wa pili anazipokea hapohapo, asisubiri kitabu kizima. Jumamosi 29 na Jumapili 30 Novemba maji yatakuwa mafu, akina mama wako nyumbani, nami nitavuka kuja Unguja tukawasomee sura za vitendo kijijini kwao. Ijumaa tuiache, ni siku ya sala. Kitabu kamili mnakipata Ijumaa 12 Desemba, mchapaji anapata wiki zake, na mafunzo mnaweza kuyaweka 26 hadi 28 Januari 2026, ambapo maji ni mafu tena na Ramadhani, inayotarajiwa katikati ya Februari, haijaingia. Bei ni ileile ya shilingi 100 kwa neno, yaani 4,200,000, bila hiyo nyongeza ya haraka. Nauli na siku mbili za kijijini nitaziandika kando ili uzione kabla ya kukubali. Malipo ya awali asilimia 40 siku ya kuanza, kama tulivyofanya kwenye kijitabu cha kukausha dagaa.

Nafasi hiyo ya Novemba nakushikia hadi Ijumaa 19 Septemba. Kuna mwingine ameulizia mwezi huohuo, na nimemwambia wazi kwamba yupo aliyemtangulia.

Kama mfadhili hakubali kusogeza hata siku moja, na najua wapo wa namna hiyo, basi nakuelekeza kwa mwenzangu Mwanaidi. Tumesaidiana kazi kwa miaka sita, na mara nyingi yeye ndiye msomaji wangu wa pili. Amezaliwa Bwejuu, na mama yake amelima mwani tangu miaka ya mwanzo ya kilimo hicho upande ule wa mashariki. Kilianza kibiashara mwaka 1989 Paje na Jambiani. Mwanaidi amekua akiukanyaga mwani mlangoni kwao. Mimi neno taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu, nililazimika kwenda kuliuliza. Yeye alizisokota utotoni.

Nilimpigia leo asubuhi bila kumtajia ofisi yenu wala mradi, nikamwuliza tu nafasi yake. Anayo kuanzia tarehe 15. Lakini yeye hutafsiri maneno 1,500 kwa siku na hapendi kuharakishwa, kwa hiyo kitabu kizima hakitamalizika kwa 10 Oktoba. Msimshinikize aseme kitamalizika. Mnachoweza kumpa ni sura ya tatu hadi ya sita, zile mtakazotumia kwenye mafunzo. Nimezihesabu, ni kama maneno 23,000, siku 16 za kazi, na zinabaki siku nne za kusahihisha. Sura za historia na za masoko zinaweza kungoja. Bei yake mtapatana naye wenyewe. Mimi sichukui chochote katikati. Ukiniambia ndiyo, nitawaunganisha kwa barua pepe siku hiyohiyo na kumpa maelezo niliyoyaandika pembeni ya kurasa wakati nasoma.

Ombi langu moja, vyovyote mtakavyoamua: sura ya tano, ya usalama kwenye maji ya kina, isitafsiriwe na mtu asiyejua bahari. Mwongozo unawahamisha akina mama kutoka kwenye maji ya magoti, walikozoea vigingi na kamba, kwenda kina kirefu na nyavu za mirija, kwa sababu mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa spinosamu, haustahimili joto la maji ya pwani. Ni wazo zuri. Lakini wengi wao hawajui kuogelea. Kwenye matini ya Kiingereza, neno linalomaanisha bamvua linafanana herufi kwa herufi na jina la majira ya kuchipua huko Ulaya. Nimeshaona tafsiri, ya kitabu kingine, iliyoandika “maji ya majira ya kuchipua”. Kwenye kitabu cha hadithi hilo ni kosa la kusahihishwa. Kwenye sura inayomwambia mama siku gani asiingie na mashua kwa sababu mkondo ni mkali, sentensi hiyo haimwambii kitu, naye ataingia. Vilevile ugonjwa ule unaoufanya mwani uwe mweupe na kukatika, mwandishi ameuita kwa jina la barafu. Barafu isitajwe kabisa. Elezeni kinachoonekana kwa macho, na mkulima ataujua.

Sura hiyo ni maneno 3,100. Ikitafsiriwa na Mwanaidi au na mtu mwingine yeyote, nileteeni niisome nikiilinganisha na asili, jioni moja inatosha, na sitadai malipo. Nasema hiyo moja tu, kwa sababu zaidi ya hapo nitakuwa nimerudi kulekule kwenye kazi tatu.

Jambo la mwisho ni dogo. Kwenye barua yako uliandika kwamba ukikosa mimi utaigawa kazi kwa watu watano ili iende haraka. Itaenda haraka, ndiyo, lakini kitu kimoja kitapata majina matano, na atakayekaa kuyapatanisha atatumia muda uleule mliouokoa. Kama lazima kugawa, wasizidi wawili, na orodha ya istilahi iandikwe kwanza. Nimekuambatanishia niliyonayo, maneno 64 niliyoyakusanya Jambiani mwaka jana. Itumieni hata kama kazi haitakuja kwangu.

Niko hewani kila siku baada ya saa kumi jioni. Mchana simu naizima ninapotafsiri, kwa hiyo ukinikosa niachie ujumbe nitakurudia.

Wasalimie wote, na Bwana Haji wa uhasibu mwambie risiti ya nauli ya boti ile aliyokuwa akiitafuta nimeipata, nitaituma kesho.

Wako,
Yusufu
Mfasiri na mhariri wa Kiswahili, Tanga

Kiambatisho: Istilahi za kilimo cha mwani, maneno 64