Udongo wa Kwetu Tabaka kwa Tabaka: Maelezo ya Slaidi kwa Kidato cha Nne

Slaidi ya 1: Shimo la choo, Newala

Karibuni, wanangu. Picha hii nimeipiga mwenyewe wiki iliyopita kwa jirani yangu, anachimba choo pembeni ya mikorosho yake. Fundi alishafika mita tatu na nusu, hajagonga jiwe hata moja. Nikamwomba atoke kidogo, nikashusha kamba yenye fundo kila nusu mita ili kina kionekane. Tazameni juu kabisa, ule ukanda mweusi mweusi unaojificha kwenye nyasi. Nimeupima kwa mkono, haufiki shibiri. Leo nitausema huo kuliko vyote, maana mihogo, mbaazi na mahindi yetu yanakula hapo.

Ukuta wa shimo, tangu majani ya juu hadi mwamba, ndio profaili ya udongo. Kila ukanda ni tabaka, au horizoni, na kwenye mtihani mtaandika herufi zake kutoka juu kwenda chini: O, A, E, B, C, R. Msizikariri kama namba za jezi. Kila herufi inaeleza kazi iliyofanyika mahali pale. Mrusi Vasily Dokuchaev ndiye aliyeonyesha, katika kazi yake ya mwaka 1883 juu ya udongo mweusi wa kwao, kwamba udongo si mwamba uliosagika tu. Unatengenezwa na hali ya hewa, viumbe, mwinuko wa ardhi, mwamba mama na muda, vyote kwa pamoja.

Slaidi ya 2: Tabaka O

Hili ni la majani, vijiti na mizizi iliyokufa, mengine bado unayatambua, mengine yameshaoza. Msituni utalikuta nene. Kwenye shamba la jirani yangu halipo, na sababu mnaijua: kabla ya korosho kudondoka tunafyeka na kufagia chini ya miti ili tuokote vizuri, takataka tunazikusanya, tunachoma. Kuokota kwenye nyasi ni taabu, nakubali. Lakini moto unapopita, naitrojeni kubwa inapanda na moshi. Majivu yanabakiza potasiamu na kalsiamu, mazao ya mwaka huo yanachangamka, kisha mvua inayasomba. Majani yale yale yakirundikwa kuzunguka shina badala ya kuchomwa, yangekuwa tabaka O la msimu ujao.

Slaidi ya 3: Tabaka A

Hapa nitakaa. Weusi huu ni mboji, yaani mabaki ya viumbe yaliyokwisha kuoza na kushikana na chembe za udongo. Mchwa, minyoo na fangasi ndio wanaoyateremsha kutoka juu na kuyachanganya. Mboji inafanya kazi mbili ambazo udongo wetu wa kichanga hauwezi kuzifanya peke yake: inashika maji na inashika virutubisho. Chukua konzi ya mchanga mtupu, mwagia maji, yanapita vidoleni. Chukua konzi ya tabaka A, itabaki na unyevu.

Niwape ushahidi wa hapa shuleni. Lilipojengwa darasa jipya, greda lilikwangua eneo lote na kusukuma udongo wa juu pembeni, ukawa kichuguu nyuma ya jiko. Ujenzi ulipoisha tulipanda mahindi sehemu mbili, siku moja, mbegu moja: kwenye eneo lililokwanguliwa na juu ya kile kichuguu. Kwenye kichuguu yalinipita kichwa. Pale palipokwanguliwa yaliishia gotini, majani ya chini yakiwa ya njano, na gunzi lisilo na punje. Mvua ilikuwa ile ile. Iliniuma, kwa sababu sentimita chache zile zinachukua mamia ya miaka kujengeka, nasi tulizikwangua asubuhi moja tu.

Slaidi ya 4: Tabaka E

Mtakutana na neno eluvieshoni: maji ya mvua yanaposhuka, yanachukua chembe za mfinyanzi, chuma na mboji, yanaacha mchanga uliopauka. Katika mashamba mengi halionekani wazi, jembe limeshalichanganya na A. Likiwepo, mmea haupati kitu cha maana hapo. Twendeni mbele.

Slaidi ya 5: Tabaka B

Vilivyooshwa juu vinapokelewa hapa, ndiyo iluvieshoni. Kwenye kamba, tangu fundo la kwanza kushuka, wekundu unakolea. Ni chuma kilichokutana na hewa, kutu ile ile ya jembe lililosahauliwa nje. Wekundu unatuambia maji hayatuami. Ukichimba ukakuta rangi ya kijivu yenye madoadoa, jua maji hukaa hapo muda mrefu. Usipande ufuta, utaoza mizizi.

Lichukueni donge la B, lilowesheni, lisokoteni kati ya viganja. Linajikunja kidogo kabla ya kukatika, wakati la juu linabomoka. Ule mfinyanzi kidogo ndio akiba ya unyevu. Mkorosho una mizizi inayokwenda chini sana, unaifuata akiba hiyo kiangazi chote. Ndiyo maana mkorosho hustawi kwenye tambarare yetu ya Makonde, na ndiyo maana pia unaweza kutudanganya: mti wa kijani haumaanishi kwamba udongo wa juu ni mzima. Muhogo uliopandwa chini yake ndio unaosema kweli.

Jambo jingine ni salfa tunayopuliza kuzuia ubwiriunga. Inayodondoka chini inageuka asidi, na kichanga hakina nguvu ya kuizima. Asidi ikizidi, kalsiamu na magnesiamu zinaoshwa kushuka. Mkulima apime udongo kabla ya kuhangaika na mbolea; huenda shamba linadai chokaa.

Mfinyanzi ukizidi nao ni tatizo. Bandari yetu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, wenye mashamba Nachingwea, Urambo na Kongwa. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikakwama ardhini. Mpango ulifutwa 1951.

Slaidi ya 6: C na R

C ni mwamba mama uliolegea, bado haujawa udongo. R ni mwamba wenyewe. Shimo la Newala halikuufikia. Sasa linganisheni na picha ya Masasi, chini ya yale majabali: shimo la goti tu, tayari jiwe. Maji ya Masasi yanagonga mwamba na kutiririka. Ya Newala yanazama mbali, ndiyo sababu bibi zetu walishuka mabondeni na ndoo kichwani. Kisha bonde la Ruvuma: matabaka pale yameletwa na mafuriko, moja juu ya jingine, hayakutoka kwenye mwamba wa chini. Mpunga unapapenda.

Slaidi ya 7: Jumamosi

Saa mbili asubuhi, shamba la shule. Kila kundi lije na jembe, rula na chupa tatu za plastiki zenye mifuniko. Mtachimba hadi mita moja, mtapima unene wa kila tabaka, mtajaza theluthi ya chupa udongo wa A, wa B, na wa pale palipokwanguliwa. Ongezeni maji, tikiseni, ziacheni dirishani hadi Jumatatu. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu yake, mboji itaelea. Mchoreni mnachokiona, na shimo mlifukie kwa mpangilio: wekundu kwanza, weusi mwisho.