Nusu ya epsiloni imetoka wapi?

Jana jioni, darasa letu la Kisauni likifungwa, mmoja wenu aliniuliza: "Mwalimu, hiyo ε/2 umeitoa wapi?" Swali zuri kama hilo halijibiwi mlangoni, kwa hiyo nauandika hapa uthibitisho wote wa kikomo cha jumla.

Tunachodai: x ikikaribia a, ikiwa kikomo cha f(x) ni L na kikomo cha g(x) ni M, basi kikomo cha f(x) + g(x) ni L + M.

Tumepewa ε > 0, ndogo vyovyote iwavyo. Tunadaiwa δ > 0 moja, ambayo kila x yenye 0 < |x − a| < δ itatupa |f(x) + g(x) − (L + M)| < ε.

Panga upya, kisha tumia kanuni ya pembetatu:

|(f(x) − L) + (g(x) − M)| ≤ |f(x) − L| + |g(x) − M|

Sasa makosa ni mawili na posho ni moja. Fundi seremala akiunga mbao mbili, na mteja amevumilia kosa la milimita 2 kwa urefu wote, kila ubao anaupa milimita 1. Akiupa kila mmoja 2, zote zikizidi atafika 4. Nasi tunaigawa ε vivyo hivyo.

Je, tunaruhusiwa? Ndiyo, na hapa ndipo penye moyo wa jambo. Maana ya kikomo inaahidi δ kwa *kila* namba chanya, na ε/2 ni namba chanya. Basi ipo δ₁ > 0 ambayo 0 < |x − a| < δ₁ inaleta |f(x) − L| < ε/2, na ipo δ₂ > 0 ambayo 0 < |x − a| < δ₂ inaleta |g(x) − M| < ε/2.

Chagua δ = min(δ₁, δ₂). Kila x yenye 0 < |x − a| < δ inatimiza masharti yote mawili, kwa hiyo:

|f(x) + g(x) − (L + M)| < ε/2 + ε/2 = ε. ∎

Wengi wenu mliandika δ iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Tazameni f(x) = 3x na g(x) = 5x, x ikikaribia 2, ε = 0.6. Kila upande unapata 0.3, hivyo δ₁ = 0.1 na δ₂ = 0.06. Ukishika 0.1, x = 2.09 inapita, lakini jumla ni 16.72, imeachana na 16 kwa 0.72. Ukishika 0.06, x hiyo haiingii kabisa.

Nusu kwa nusu si lazima: ε/3 na 2ε/3 zingefaa pia. Alhamisi njoni na uthibitisho wa f(x) − g(x). Badilisheni mstari mmoja tu, nami nataka kuona ni upi.