MZIGO MPYA WA MTUMBA GREDI A: magauni, jinzi, makoti, fomu six na nguo za watoto (Dar na mikoani)

Habari za jioni wapendwa. Belo mbili zimefunguliwa, moja ya magauni na moja ya mchanganyiko, na nimeshachambua. Zilizochoka nimeziweka pembeni, haziko kwenye hizi picha. Zilizobaki zimefuliwa na kupigwa pasi, isipokuwa makoti, hayo nimeyaanika na kuyapiga brashi tu. Kila nguo ni pisi moja, kwa hiyo usiniulize "rangi nyingine ipo?" Huu ni mtumba, mpenzi, hauna stoo.

Kabla ya bei, tuongee saizi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Usiamini lebo. Gauni la Uingereza la 12 ni sawa na la Marekani la 8, la Ufaransa 40 na la Italia 44, na bado kampuni mbili za nchi moja zinaweza kuandika 12 na nguo zisilingane. Ndiyo maana kila pisi nimeipima kwa tepu ikiwa imelazwa mezani. Nikiandika "kwapa 48" maana yake ni sentimita 48 kutoka kwapa hadi kwapa, upande mmoja. Zidisha mara mbili upate mzunguko wa kifua, yaani 96. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze, ipime hivyo hivyo, halafu linganisha. Dakika mbili tu, na inatuokoa wote na nauli za kurudisha.

MAGAUNI
G1. La maua ya bluu, kitambaa cha viskosi, mikono mifupi, linafika chini ya goti. Lebo UK 12, kwapa 48, urefu 112. Sh 15,000.
G2. Jeusi la ofisini, lina bitana na zipu ya mgongoni inayoteleza bila kukwama. Lebo UK 10, kwapa 45, urefu 98. Sh 15,000.
G3. Refu la kijani, mikono mirefu, halioneshi mwili. Lebo UK 16, kwapa 53, urefu 138. Sh 18,000. Dada zangu wanaovaa stara, hili ni lenu. Mtu mfupi atalazimika kulikunja pindo.
G4. La linini, rangi ya maziwa, mifuko miwili. Lebo L, kwapa 51. Sh 12,000 badala ya 15,000, kwa sababu kuna doa dogo la njano karibu na pindo, ukubwa wa punje ya mchele. Nimelifua mara mbili limegoma. Picha ya 9 inalionesha kwa karibu.

JINZI ZA KIKE NA KIUME
Hapa namba ni inchi za kiuno, nami nimehakiki kwa tepu. Ukilaza suruali ukapata sentimita 38, hiyo ni 30. Ukipata 40 na nusu, hiyo ni 32.
J1. Bwanga ya bluu iliyopauka, kiuno cha juu, 30, urefu 104. Sh 18,000.
J2. Modo nyeusi inayovutika, 28, urefu 96. Sh 12,000. Ifue peke yake mara ya kwanza, inatoa rangi.
J3. Ya kiume, mguu ulionyooka, 34, urefu 108. Lebo inasema 36, tepu inasema 34. Mfuate tepu. Sh 17,000.
J4. Kadeti ya kaki ya kiume, 32. Sh 13,000.

MAKOTI NA SWETA
Wa Mbeya, Njombe, Arusha na Lushoto, mliniandikia sana, haya sasa.
K1. Koti la jinzi, M, kwapa 52, viwiko vimepauka kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo uzuri wake. Sh 20,000.
K2. Koti refu la sufu, kijivu, L, kwapa 56, urefu 101. Ukilishika utajua kwa nini bei ni hii: zito, bitana haijachanika popote, mifuko ya ndani mizima. Kifungo cha pili kutoka chini si cha kwake. Fundi ameweka kinachofanana, lakini ukikodoa macho utakiona. Sh 35,000.
K3. Sweta la sufu tupu, maruni, M, kwapa 50. Sh 14,000. Lifue kwa maji ya baridi na ulilaze likauke. Ukilitundika kwenye kamba likiwa na maji litarefuka mpaka magotini.

FOMU SIX ZA KIUME
Ziko nane: S mbili, M tatu, L mbili, XL moja. Sh 7,000 kila moja, chukua mbili kwa 13,000. Kola zote zimesimama.

WATOTO
Lebo nyingi za Ulaya zinaandika kimo cha mtoto kwa sentimita: 104 ni miaka 3 hadi 4, 116 ni miaka 5 hadi 6, 128 ni miaka 7 hadi 8. Mpime mwanao ukutani, achana na umri. Magauni na suruali Sh 4,000, tisheti Sh 3,000, au pisi tatu zozote kwa Sh 10,000. Saizi 116 ndizo nyingi zaidi safari hii; za wachanga hazikuja kabisa.

Wanaoniuliza sidiria na chupi za mtumba: sina na sitakuwa nazo. Nguo za ndani zilizovaliwa zimepigwa marufuku nchini.

JINSI YA KUAGIZA
Nitumie meseji kwenye ukurasa huu huu ukiandika namba ya nguo, jina lako na eneo ulipo. Mfano: "G3 na J1, Asha, Kimara." Ukiandika tu "bei?" chini ya picha, bei iko hapo juu. Anayethibitisha kwanza ndiye mwenye nguo. Nakuwekea saa mbili, usipolipa namhudumia anayefuata, na tusinuniane.

Malipo ni kwa Lipa Namba, nitakutumia kwenye meseji baada ya kuthibitisha. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea, lifanane na nililokuandikia. Sina ukurasa mwingine wala simpigii mtu kumwomba hela.

Walioko Tabata, Segerea, Kinyerezi na Buguruni mnaweza kulipa mkionyeshwa nguo mlangoni. Wengine wa Dar lipeni nguo kwanza, boda mtalipana nayo wenyewe ikifika. Wanaokuja kuchukua, tunakutana Tabata Bima, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Louis: ukilipa kabla ya saa 9 alasiri, mzigo unaondoka na basi la kesho yake asubuhi, na nakutumia picha ya risiti yenye namba ya basi. Nauli ya mzigo ni yako.

Ukikuta kasoro ambayo sikuiandika, au kipimo nilichokupa si chenyewe, niambie ndani ya saa 24 tangu uipokee: narudisha hela pamoja na nauli. Ukiwa umebadili mawazo tu, tunabadilishana na pisi nyingine ya bei hiyo, nauli juu yako.

Bei ni hizo, ila anayechukua pisi nne au zaidi za watu wazima (fomu six hazihesabiwi, zina bei yake) namtolea Sh 1,000 kwa kila pisi. Zinazouzwa nitaziandikia IMEENDA hapa hapa kwenye orodha. G2 tayari ina mtu, lakini hajalipa. Saa zake mbili zinaisha saa 2 usiku.