Ripoti ya uchanganuzi kwa uzani: kloridi ya sodiamu iliyoshushwa kama kloridi ya fedha

Lengo

Kazi hii ilikuwa kushusha ioni zote za kloridi zilizomo katika kiasi kinachojulikana cha kloridi ya sodiamu, kuyakausha mashapo mpaka tungamo lake liache kubadilika, kisha kulinganisha tungamo hilo na lile linalotarajiwa kwa hesabu. Sampuli ni safi na jibu lake linajulikana kabla ya kuanza. Kinachopimwa hasa, basi, ni utaratibu wenyewe na mikono ya anayeufuata.

Mmenyuko:

AgNO3(aq) + NaCl(aq) → AgCl(s) + NaNO3(aq)

Moli moja ya kloridi ya sodiamu hutoa moli moja ya kloridi ya fedha. Tungamo za moli zilizotumika ni 58.443 g kwa NaCl na 143.321 g kwa AgCl.

Maandalizi

Kloridi ya sodiamu ilikaushwa kwenye oveni kwa saa mbili katika 110 °C, ikapoa ndani ya desiketa yenye silika jeli. Sampuli tatu zilipimwa kwa mizani inayosoma hadi 0.0001 g: A ilikuwa 0.2043 g, B 0.1987 g na C 0.2116 g.

Kalibu za kuchujia ni vikombe vidogo vya kioo vyenye kitako cha vinyweleo. Zilioshwa, zikakaushwa zikiwa tupu katika 110 °C na kupimwa kwa kurudiarudia. Nilikubali tungamo pale tu vipimo viwili vinavyofuatana vilipopishana kwa 0.0003 g au pungufu, na nikachukua cha mwisho. Kalibu A ilitoa 28.4172, 28.4166, kisha 28.4165 g. B ilitulia mapema: 29.1038, kisha 29.1036 g. C ilitoa 27.8854, 27.8849, kisha 27.8850 g. Hatua hii inachosha, na ni rahisi kuiruka kwa kudhani kuwa kalibu tupu haina cha kukauka. Lakini ile 0.0007 g iliyoondoka kwenye kalibu A baada ya kipimo cha kwanza ingeingia moja kwa moja katika hesabu ya mashapo.

Kushusha mashapo

Kila sampuli iliyeyushwa katika mL 150 za maji yaliyokenekwa ndani ya bika, ikaongezwa mL 1 ya asidi ya nitriki kali. Asidi huzuia ioni nyingine, kama vile kabonati, zisishuke pamoja na kloridi, na husaidia chembe kugandamana. Bika zilifunikwa kwa karatasi nyeusi, na taa iliyokuwa juu ya meza ilizimwa.

Sampuli kubwa kuliko zote, C, ilihitaji mL 36.2 za nitrati ya fedha ya 0.100 M. Kila bika ilipewa mL 40.0, hivyo hata C ilikuwa na ziada ya zaidi ya asilimia 10. Myeyusho uliongezwa kutoka kwenye bureti, tone kwa tone mwanzoni, huku nikikoroga kwa kijiti cha kioo bila kusimama. Maji yaligeuka kuwa kama maziwa tangu tone la kwanza. Ukungu huo ni koloidi, chembe ndogo mno zinazopita kwenye kichujio bila kizuizi.

Bika zilipashwa moto hadi karibu na kuchemka, zikakorogwa kwa dakika kumi. Hapa ndipo mtu huona kwa macho mashapo yanavyojikusanya: ukungu hukatika, mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda huzama, na maji ya juu hubaki maangavu kama kioo. Niliongeza tone moja la nitrati ya fedha kwenye maji hayo ya juu. Hakuna bika iliyotia ukungu upya, maana yake kloridi ilikuwa imekwisha kushuka. Bika zililala gizani hadi asubuhi.

Kuchuja na kuosha

Maji ya juu yalipitishwa kwanza kwenye kalibu kwa msaada wa pampu ya kuvuta hewa. Mashapo yalioshwa ndani ya bika, yakahamishwa, na kuta za bika zikasuguliwa kwa kijiti chenye ncha ya mpira. Maji ya kuoshea yalikuwa na asidi ya nitriki ya 0.01 M. Kuosha kuliendelea hadi mchujo uliopokewa kwenye mrija wa majaribio ukakataa kutia ukungu kwa tone la asidi ya hidrokloriki, yaani hapakuwa na fedha iliyosalia ya kuoshwa.

Katika sampuli C nilifanya kosa. Chupa ya maji yenye asidi iliisha, na suuza mbili za mwisho nilizifanya kwa maji matupu yaliyokenekwa. Suuza ya kwanza ilipita safi. Ya pili ilitoka na weupe hafifu, kama maji yaliyosuuzia glasi ya maziwa. Nilisimamisha pampu, nikauhifadhi mchujo huo peke yake kwenye bika iliyofunikwa.

Chanzo chake kinaeleweka. Chembe za kloridi ya fedha hubaki zimegandamana kwa sababu maji yanayozizunguka yana ioni za kutosha kupunguza msukumano wa chaji zilizo juu yake. Maji matupu huzifagia ioni hizo, chembe zikaanza kusukumana, na bonge likarudi kuwa koloidi. Asidi ya nitriki huchaguliwa kwa sababu hutoa ioni hizo wakati wa kuosha, kisha hutoka kama mvuke ndani ya oveni bila kuacha kitu.

Mashapo ya A yalipata rangi ya zambarau hafifu juu yake baada ya kuoshwa. Mwanga ulikuwa umeanza kuivunja kloridi ya fedha kuwa fedha na klorini. Kwa kuwa nitrati ya fedha ilishaondolewa, klorini iliyotoka haikuweza kushusha mashapo mapya, hivyo athari yake ni kupunguza tungamo. Laiti rangi hiyo ingejitokeza kukiwa bado na ziada ya fedha ndani ya maji, tungamo lingeongezeka.

Kukausha hadi tungamo lisilobadilika

Kalibu zilikaa kwenye oveni katika 110 °C kwa saa mbili kabla ya kipimo cha kwanza, kisha saa moja kabla ya kila kipimo kilichofuata. Kila mara zilipoa kwa dakika 40 ndani ya desiketa, muda uleule kwa zote. Kalibu yenye joto huinua hewa juu ya sahani ya mizani na husomeka nyepesi kuliko ilivyo. Zilishikwa kwa koleo tu.

Tungamo la kalibu pamoja na mashapo, kwa gramu:

| Kipimo | A | B | C |
|---|---|---|---|
| 1 | 28.9207 | 29.5926 | 28.3981 |
| 2 | 28.9168 | 29.5899 | 28.3951 |
| 3 | 28.9161 | 29.5897 | 28.3944 |
| 4 | 28.9160 | – | 28.3943 |

B ilitimiza sharti kwenye kipimo cha tatu. A na C zilihitaji cha nne.

Hesabu ya zao

Zao la kinadharia la A:

0.2043 g × (143.321 ÷ 58.443) = 0.5010 g

Zao halisi la A:

28.9160 g − 28.4165 g = 0.4995 g

Asilimia ya zao:

(0.4995 ÷ 0.5010) × 100 = 99.7

Kwa njia hiyohiyo:

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Zao la kinadharia (g) | 0.5010 | 0.4873 | 0.5189 |
| Zao halisi (g) | 0.4995 | 0.4861 | 0.5093 |
| Asilimia ya zao | 99.7 | 99.8 | 98.1 |
| Klorini katika sampuli (%) | 60.48 | 60.52 | 59.54 |

Safu ya mwisho imepatikana kwa kuzidisha tungamo la mashapo kwa 35.453 ÷ 143.321, kisha kugawanya kwa tungamo la sampuli. Thamani ya kinadharia ni 60.66.

Mjadala

Jambo lililonishughulisha zaidi limo katika mstari wa kwanza wa jedwali la vipimo. Ningeishia kwenye kipimo cha kwanza, zao la A lingekuwa asilimia 100.6, la B 100.4 na la C 98.9. Wastani wa hayo matatu ni 100.0. Ripoti ingeonekana haina dosari, na ingekuwa imekosea mara mbili: maji yaliyobaki ndani ya mashapo ya A na B yangeziba pengo la mashapo yaliyopotea kwenye C. Hata ndani ya C yenyewe, gramu 0.0038 za maji zilikuwa zinaficha sehemu ya upotevu. Zao linalozidi 100 ni dalili iliyo wazi, kwa sababu sampuli haiwezi kutoa kloridi isiyokuwa nayo. Wastani mzuri hautoi dalili yoyote, na ndiyo maana matokeo ya kila kalibu yameandikwa peke yake.

Upungufu wa A ni 0.0015 g. Umumunyifu hauwezi kuueleza. Ndani ya maji ya mwanzo, ziada ya fedha iliusukuma umumunyifu chini kiasi kwamba kilichobaki kimeyeyuka ni kama sehemu mbili za milioni za gramu. Katika kuosha nilitumia mL 75 hivi. Kloridi ya fedha huyeyuka takriban mg 1.9 kwa lita moja ya maji katika 25 °C, hivyo hasara haizidi 0.00015 g. Sehemu kubwa iliyobaki naihesabu kwenye uhamishaji: utando mwembamba ulionekana kwenye ukuta wa bika A hata baada ya kusuguliwa, nao haukutoka kwa suuza mbili za ziada. Mwanga umechangia pia, ingawa kipimo hiki hakitoshi kutenganisha mchango wake.

Kwa C, mchujo uliohifadhiwa ulitiwa asidi ya nitriki, ukapashwa moto na kuachwa gizani usiku mzima. Weupe ulikusanyika na kutua chini. Ulichujwa kwenye kalibu ya nne, iliyokuwa 26.9412 g ikiwa tupu, ukakaushwa kwa masharti yaleyale hadi 26.9493 g. Mashapo yaliyookolewa ni 0.0081 g. Yakijumlishwa na 0.5093 g yanakuwa 0.5174 g, sawa na asilimia 99.7 ya zao la kinadharia.

Zao la C linabaki kuandikwa 98.1, kwa kuwa hilo ndilo lililotokana na utaratibu kama ulivyofanyika. Gramu 0.0081 zimetajwa kando kama ushahidi wa mahali mashapo yalikopotelea. Wastani unaotolewa ni wa A na B, asilimia 99.7, na C itarudiwa kwa sampuli mpya, chupa ya maji yenye asidi ikiwa imejazwa kabla pampu haijawashwa.